Nevi bluu au nyeusi: namna ya kutambua rangi ya gauni katika picha ya duka la mtandaoni

Nevi bluu na nyeusi huchanganywa kwa sababu ya namna jicho linavyopokea mwanga. Kioo cha simu hutengeneza kila rangi kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, lakini rangi hizo tatu hazina nguvu sawa machoni. Kijani huchangia zaidi ya asilimia 70 ya ung'avu unaoonekana, nyekundu kama asilimia 21, na bluu takriban asilimia 7 tu. Kitambaa kinachorudisha bluu kidogo, na nyekundu na kijani kidogo zaidi, kwa hiyo huonekana chenye giza karibu sawa na kitambaa cheusi. Kukodolea macho picha na kujiuliza kama gauni ni jeusi kiasi gani hakusaidii. Swali lenye jibu ni hili: je, kuna bluu ya ziada katika kitambaa, na ziada hiyo imetoka kwenye kitambaa chenyewe au kwenye mwanga uliokipiga?

Sehemu ya pili ya swali ndiyo inayowaponyoka wanunuzi wengi. Kivulini mchana, mahali panapoangazwa na anga badala ya jua lenyewe, mwanga huwa na bluu nyingi, na gauni jeusi lililopigwa picha hapo hupata wekundu pungufu na ubluu usio wake. Chini ya balbu ya manjano mambo hugeuka. Mwanga wa balbu hiyo una bluu kidogo sana, kitambaa cha nevi hakipati bluu ya kurudisha, na gauni hutoka jeusi. Kamera hujaribu kusawazisha hali hizo kwa kukisia, na hukosea hasa pale nguo ya giza inapojaza picha nzima.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Februari 2015, picha ya gauni iliyozunguka dunia nzima kwa siku chache. Gauni lenyewe, lililouzwa na kampuni ya Roman Originals ya Uingereza, lilikuwa la bluu lenye lesi nyeusi. Picha ilikuwa imepigwa kwa simu, mwangaza umezidi, na mwanga wa mahali pale haukueleweka. Lesi ile nyeusi ikatoka kahawia, na watu wengi waliapa kwamba wanaona nyeupe na dhahabu. Ikiwa nyeusi inaweza kuonekana dhahabu, kuonekana nevi ni jambo dogo sana.

Kuweka simu sawa

Kabla ya kuchunguza picha, kioo chenyewe kinahitaji kuondolewa vichujio. Simu nyingi zina hali ya kulinda macho usiku, ambayo hupunguza bluu ili kioo kiwe cha manjano. Katika menyu huandikwa `Night Shift`, `Night Light` au `Eye Comfort`, kutegemea aina ya simu. Hali hiyo ikiwa imewashwa, bluu ile ile inayotafutwa ndiyo inayofutwa, na nevi yote hugeuka nyeusi. Izimwe, kisha mwangaza wa kioo upandishwe karibu na mwisho, na simu itazamwe moja kwa moja badala ya kwa pembeni, tena mahali ambapo jua haliangukii kioo.

Picha nayo iwe ya asili. Picha iliyotumwa kwa ujumbe ikasambazwa mara kadhaa hubanwa ili iwe nyepesi, na ubanaji huo huanza kwa kutupa rangi hafifu, hasa kwenye maeneo ya giza. Nevi iliyokuwa dhahiri katika ukurasa wa duka inaweza kufika ikiwa kijivu kitupu. Inafaa kufungua ukurasa wa bidhaa, kukuza picha mpaka ukubwa wake kamili, na kuihifadhi kutoka hapo.

Maneno huja kabla ya picha

Picha moja hutumiwa kwa rangi kadhaa, lakini jina la rangi huandikwa kwa ajili ya ghala, ambako kosa humgharimu muuzaji. Kwa sababu hiyo jina lililo kwenye kitufe cha kuchagulia rangi lina uzito kuliko picha iliyo juu yake. `Black` na `Jet` humaanisha nyeusi. `Navy` na `French Navy` humaanisha nevi, na mara nyingi `Midnight` na `Ink` huangukia huko huko, ingawa hizo mbili ni nzito zaidi na ndizo zinazoleta ubishi. `Charcoal` ni kijivu cha makaa, si nyeusi.

Kwa bidhaa zinazotoka China, jina la asili mara nyingi huwa limetafsiriwa na mashine. Nyeusi kwa Kichina huandikwa 黑色, na nevi huandikwa 藏青. Herufi ya kwanza ya neno hilo la pili hutumika pia katika jina la Tibet, kwa hiyo ukurasa wa bidhaa unaweza kuonyesha rangi ya ajabu kama `Tibetan Blue`. Mnunuzi akiikuta, ajue kuwa anaangalia nevi.

Vitufe vyenyewe pia hutoa habari. Duka likiorodhesha `Black` na `Navy` kama chaguo mbili tofauti, kila moja ina mzigo wake, na kilichobaki ni kuhakikisha kitufe sahihi kimebonyezwa. Duka likiwa na rangi moja tu isiyo na jina, au likiandika maneno kama “rangi kama ilivyo kwenye picha”, maneno yamekwisha na kazi inarudi kwenye picha.

Kutafuta shahidi ndani ya picha

Rangi ya giza haisomeki ikiwa peke yake. Husomeka kwa kulinganishwa na kitu kingine kilichopigwa na mwanga ule ule, katika picha ile ile, ambacho rangi yake inajulikana. Vitu vyeusi vinavyofaa ni mboni za macho ya mwanamitindo, nywele nyeusi zisizotiwa rangi, kamba ya begi, viatu vya ngozi nyeusi, au maandishi meusi kwenye lebo. Vitu vyeupe vinavyofaa ni ukuta mweupe, karatasi, weupe wa macho, au utepe wa lebo ya ndani ya shingo.

Ulinganishaji hufanywa kwa kukuza picha mpaka gauni na shahidi wakae pamoja kwenye kioo, sehemu zenye mwanga wa kukaribiana. Bega la gauni lililo kwenye mwanga halilinganishwi na nywele zilizo kivulini nyuma ya shingo. Gauni likionekana la bluu huku nywele zikibaki nyeusi au zikielekea kahawia, bluu ni ya gauni. Gauni na nywele vikiwa na ubluu sawa, bluu ni ya mwanga, na gauni huenda ni jeusi.

Aina ya kitambaa huamua mahali pa kutazama. Katika shifoni na lesi, rangi hujidhihirisha kwenye ukingo, pale kitambaa kinapokuwa tabaka moja juu ya ngozi au ukuta mweupe, kwa sababu mwanga hupenya na kutoka na rangi ya kitambaa. Shifoni ya nevi huonekana bluu waziwazi hapo, na nyeusi huonekana kijivu cha moshi. Katika satini, kinyume chake, mistari inayong'aa zaidi haifai kabisa, kwa kuwa mng'ao huo ni mwanga wa taa uliorudi kama ulivyokuja, hauna rangi ya kitambaa. Kinachosomwa ni eneo la kando ya mng'ao, linapoanza kufifia. Mahameli humeza mwanga mno, na hutoa rangi yake kwenye migongo ya mikunjo tu.

Kunyanyua mwangaza

Jaribio la haraka linawezekana katika programu yoyote ya kuhariri picha iliyomo kwenye simu. Picha iliyohifadhiwa hufunguliwa, kisha mwangaza hupandishwa karibu mpaka mwisho, sehemu za kivuli hupandishwa, na ukolezi wa rangi huongezwa kiasi cha nusu. Lengo si kupata picha nzuri. Lengo ni kuitoa rangi iliyojificha katika giza.

Gauni la nevi hugeuka bluu iliyo sawa mwili mzima, kutoka bega hadi pindo, likifuata mikunjo. Gauni jeusi hugeuka kijivu, au hutoa madoadoa ya rangi mbalimbali, zambarau hapa na kijani pale, ambayo ni chembe za kelele za kamera na mabaki ya ubanaji. Shahidi naye atazamwe katika hali hiyo hiyo. Nywele na viatu vikigeuka bluu pamoja na gauni, jaribio limeonyesha mwanga wa mahali picha ilipopigwa, wala halijasema lolote kuhusu kitambaa.

Kusoma namba

Pale macho yanaposhindwa kuafikiana, namba humaliza ubishi. Kila nukta ya picha ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Programu nyingi za kuchora na kuhariri, za simu na za kompyuta, zina alama ya bomba la kudondoshea dawa ambayo ikiguswa juu ya picha huonyesha namba hizo.

Watu wengi hutarajia gauni jeusi liwe na 0, 0, 0. Halipo gauni la namna hiyo katika picha ya duka. Kitambaa cheusi hurudisha mwanga kidogo, na mpiga picha hukiongezea mwangaza ili mishono na mikunjo ionekane, hivyo gauni jeusi katika picha nzuri huwa na namba kama 30, 29, 30. Kinachoonyesha weusi ni ukaribu wa namba tatu, si udogo wake. Gauni la nevi huwa na namba kama 27, 34, 54, ambapo bluu imeziacha nyingine mbali. Rangi inayoitwa `navy` katika kurasa za mtandao, yenye namba 0, 0, 128, si kipimo kinachofaa, kwa sababu ni ya bluu kali kuliko nguo nyingi za nevi zinavyotokea kwenye picha.

Nukta moja haitoshi. Huchukuliwa nukta nne au tano kutoka maeneo yenye mwanga wa wastani, mbali na mng'ao na mbali na vivuli vizito, kisha hutafutwa wastani wake. Namba zilizo chini ya 15 ziachwe, kwani katika giza hilo tofauti ya 3 au 4 haina maana yoyote.

Mfano ufuatao unaonyesha hesabu yenyewe. Picha ya kwanza ni ya gauni la krepu lililotundikwa mbele ya ukuta mweupe. Wastani wa gauni ni nyekundu 34, kijani 37, bluu 43. Bluu imeizidi nyekundu kwa 9, na mtu mwenye haraka atasema ni nevi. Lakini ukuta mweupe uliopo kando yake una 212, 228, 250. Ukuta mweupe ungetakiwa kuwa na namba tatu zinazolingana, kwa hiyo mwanga wa mahali pale ulikuwa na bluu nyingi mno. Marekebisho hufanywa kwa kuzipandisha nyekundu na kijani kwa uwiano utakaoufanya ukuta uwe 250 katika rangi zote tatu:

```
nyekundu: 34 × 250 ÷ 212 = 40
kijani:   37 × 250 ÷ 228 = 41
bluu:     43 × 250 ÷ 250 = 43
```

Baada ya marekebisho gauni ni 40, 41, 43. Ziada ya 9 imebaki 3, na gauni ni jeusi lililopigwa picha kivulini.

Picha ya pili inafanana na ya kwanza kwa macho. Gauni lina 38, 41, 52, na ukuta una 236, 241, 250. Hesabu ile ile hutoa 40, 43, 52. Mwanga wa hapa nao ulikuwa na bluu kidogo, lakini baada ya kuuondoa, bluu ya gauni bado imeizidi nyekundu kwa 12, yaani karibu theluthi moja. Hiyo ni nevi, tena nevi nzito, ambayo ukumbini usiku itapita kama nyeusi na mchana itajitokeza.

Kama kanuni ya jumla, ziada ya bluu iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya nyekundu baada ya marekebisho huashiria nyeusi, na iliyo zaidi ya robo huashiria nevi. Kati ya hapo hakuna uamuzi wa kuaminika. Zipo nyeusi zinazoelekea bluu kutokana na dawa yenyewe ya kutia rangi. Baadhi ya dawa zinazotumika sana kutia weusi kwenye pamba ni nevi nzito kwa asili yake, na kiwandani huchanganywa na chungwa au nyekundu ili bluu hiyo izimwe. Mchanganyiko ukiwa pungufu, kitambaa huuzwa kama cheusi huku kikiwa na chembe ya bluu.

Picha zisizoweza kutoa jibu

Aina tatu za picha hazifai kuchunguzwa, na mnunuzi anayezitambua huokoa muda wake.

Ya kwanza ni picha iliyopakwa rangi kwa kompyuta. Baadhi ya wauzaji hupiga picha gauni moja, kisha hubadilisha rangi yake ili kupata nyekundu, kijani, nevi na nyeusi. Ishara yake ni mikunjo. Picha ya gauni jeusi na ya gauni la nevi zikiwa na mkunjo ule ule kiunoni, uzi ule ule uliojitokeza na mkono wa mwanamitindo mahali pale pale, angalau moja imepakwa. Rangi yake ni chaguo la mhariri, na namba zake hupima kazi ya mhariri huyo.

Ya pili ni picha iliyokatwa na kuwekwa juu ya usuli mweupe wa bandia. Usuli huo husomeka 255, 255, 255 kila mahali, bila kivuli wala tofauti. Weupe huo uliongezwa baadaye, haukupigwa na mwanga uliolipiga gauni, hivyo hauwezi kutumika katika hesabu ya marekebisho. Hapo hutafutwa shahidi mwingine aliyekuwepo wakati wa kupiga picha, kama weupe wa macho au lebo ya shingoni.

Ya tatu ni picha yenye giza kupita kiasi, ambamo hata mishono haionekani. Taarifa ya rangi haikurekodiwa, na kupandisha mwangaza hakuwezi kurudisha kisichokuwepo.

Kwa picha za aina hizi, chanzo bora ni picha za wateja katika maoni chini ya bidhaa, hasa zilizopigwa karibu na dirisha mchana, na video, ambayo humwonyesha mvaaji akigeuka na gauni likipokea mwanga kutoka pande mbalimbali. Picha tatu za wateja tofauti zikionyesha bluu, katika nyumba tatu zenye mwanga tofauti, ni vigumu zote zidanganye kwa namna moja.

Kumuuliza muuzaji

Muuzaji wa kwenye simu anaweza kutoa picha yenye kila kinachohitajika, akiombwa kwa maneno yaliyo wazi. Swali “Hili ni jeusi?” huvuta jibu la “Ndiyo”. Ombi lenye manufaa hutaja jambo mahususi: “Dada, naomba picha ya gauni hilo mlangoni mchana, bila kichujio, likiwa limelazwa pamoja na karatasi nyeupe na buibui jeusi au kitu kingine cheusi. Pia naomba rangi iliyoandikwa kwenye lebo au kwenye mfuko.” Karatasi nyeupe hutoa kipimo cha mwanga, kitu cheusi hutoa ulinganisho, na lebo hutoa neno la kiwandani. Jibu hilo la maandishi lihifadhiwe, kwa kuwa ndilo litakalotumika iwapo rangi iliyoletwa ni nyingine. Masharti ya kurudisha bidhaa nayo huulizwa kabla ya kulipa, kwa sababu wauzaji wengi huhesabu tofauti ndogo ya rangi kuwa ya kioo cha simu.

Gauni linapofika

Uamuzi wa mwisho hufanywa mchana, karibu na dirisha au mlangoni, kabla lebo haijakatwa. Gauni huwekwa juu ya kitambaa kinachojulikana kuwa cheusi na kutazamwa kwa umbali wa hatua moja. Nevi hujitenga papo hapo. Kisha vyote viwili hutazamwa chini ya taa za ndani, kwa maana vitambaa viwili vinavyolingana chini ya taa moja vinaweza kutofautiana chini ya nyingine, ikiwa vimetiwa dawa tofauti. Jambo hili lina uzito zaidi pale gauni linapotakiwa kuwa sare ya kwaya au ya wasimamizi wa harusi, watakaosimama pamoja mbele ya kamera.

Kwa mnunuzi ambaye rangi hiyo ni ya lazima, picha peke yake haimtoshi. Anunue pale tu ambapo jina la rangi limeandikwa na picha yenye shahidi inalithibitisha. Viwili hivyo vikipingana, afuate jina, na amwombe muuzaji picha ya pili kabla ya kutuma fedha.